Mfano wa Nne

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Nukta, na hawakumpa kwa mapenzi. Ulimpelekea orodha yako ya marejeo ukidhani umemaliza kazi, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa viatu, akapitisha penseli mstari kwa mstari, kisha akakurudishia bila hata kukutazama. "Nukta baada ya mwaka iko wapi?" Ulirudi umeweka nukta, akakuuliza mji wa mchapishaji. Ulirudi na mji, akakuuliza kama jina la kitabu umelinakili kwenye jalada au kwenye ukurasa wa ndani, maana jalada husema uongo na ukurasa wa ndani hausemi.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitatu katika maktaba ya chuo. Yeye alikaa dawati la marejeo, mimi kaunta ya kuazimia vitabu, na kati yetu palikuwa na feni moja mbovu iliyokubali kuzungukia upande wake tu. Alikuwa amenitangulia kwa miaka mingi. Aliingia pale akiwa msichana wa kubandika vijifuko vya kadi nyuma ya vitabu, akapanda ngazi moja moja, kozi za jioni, mitihani ya kurudia, mpaka akawa mkutubi kamili. Hakuolewa. Aliishi na dada yake mgonjwa, akimpikia asubuhi kabla ya kuja kazini na kumwogesha akirudi. Nasema haya mtu asije akadhani alikuwa na roho ya chuma. Alikuwa mtu wa kubeba, na alibeba bila kelele, kelele zake zote alizimalizia kwenye nukta.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni ile warsha ya mwaka wa kwanza. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, maktaba ilipewa nafasi ya kuzungumza na wanafunzi wapya, na yeye aliandaa muhtasari wa mazungumzo yake kwenye karatasi moja, kwa penseli, hoja zimepewa namba na dakika zimeandikwa pembeni. Alizihifadhi zote kwenye faili la kijani. Hoja ya kwanza ilikuwa ile ile miaka yote: anzeni orodha leo, msisubiri mwaka wa nne. Ya pili: kitabu kikiwa bado mkononi, andika mwandishi, mwaka, jina, toleo, mji, mchapishaji, maana ukishakirudisha hutakiona tena. Ya tatu: maneno ya mtu ukiyanakili, yafunge kwa alama za kunukuu hapo hapo daftarini na uandike ukurasa, la sivyo baada ya miezi sita utayaona kama yako. Ya nne: orodha moja, mahali pamoja, si nyuma ya risiti na pembeni mwa magazeti. Na kadhalika, mpaka tisa.

Mwanzoni alipewa saa mbili. Kisha wakubwa wakagundua kwamba wanafunzi wapya wana mambo mengi ya kuambiwa, akapewa saa moja. Kisha dakika hamsini. Mwaka ninaousimulia alipewa dakika ishirini, katikati ya bwana wa usajili na bwana wa zimamoto, na bwana wa zimamoto aliingia dakika tano kabla ya wakati wake akiwa amekumbatia mtungi mwekundu kama mtoto mchanga, akasimama mlangoni, akaanza kukohoa.

Kitini alichokuwa akiwagawia kilikuwa na mifano minne ya marejeo. Mitatu ilitoka kwenye vitabu vya rafuni kwetu. Wa nne aliutunga. Alitaka mfano mmoja wenye kila kitu, yaani waandishi wawili, mhariri, toleo la pili, mfululizo, na akapekua rafu siku nzima bila kupata kitabu kimoja chenye sifa zote hizo. Basi akakizaa mwenyewe. Jina la mwandishi wa kwanza aliliazima kwa shangazi yake, la pili kwa fundi viatu wa mtaani kwao, na kitabu akakiita Maji ya Kisima na Afya ya Kaya. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wanakili mifano yote minne iwe mistari ya kwanza ya orodha zao, ili mkono uzoee. Kisha, hoja ya tisa, kabla hawajatoka, aliwaambia wafute ule wa nne. "Hicho kitabu hakipo, nimekitunga mimi. Kina toleo la pili na la kwanza halijawahi kuchapwa." Walicheka. Niliwasikia kutoka kaunta, maana mimi sikuwahi kuhudhuria, mtu mmoja lazima abaki na wateja. Nilisikia kicheko tu na sikujua wanacheka nini.

Mwaka wa bwana wa zimamoto hakukuwa na kicheko. Mama Nukta aliingia kaunta akiwa amekunja uso. "Wamenikatia njiani," alisema. "Nimefika hoja ya saba." Nikamwambia ishirini ni bora kuliko sifuri. Nilidhani namfariji.

Sasa, usafi wa maktaba yetu ulifanywa na mama mmoja mwembamba, mpole, mwenye goti bovu. Sisi tulimwita Mama Dekio, na yeye aliitikia. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa katika kundi lile lile la mwaka wa kwanza. Alipita mitihani yake kwa kusoma kwenye meza ya mwisho ya maktaba, akimsubiri mama yake amalize kudeki. Msichana mtaratibu, wa daftari lililopigwa mistari kwa rula. Wenzake wengi zile orodha za siku ya warsha walizitupa kabla ya muhula kuisha, na uzembe wao ndio uliowaokoa. Yeye alitii. Orodha ile aliitunza miaka minne, akaiongeza kitabu kwa kitabu, akaipanga kwa herufi kila alipoongeza. Mama Nukta mwenyewe alinionyesha msichana huyo kwa mbali siku moja, akiwa ameinamia daftari lake, akasema, "Huyu ndiye wa kwanza aliyenisikia." Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki.

Mwaka wa nne binti aliandika tasnifu kuhusu namna kaya zinavyohifadhi maji. Katika daftari lake la mwaka wa kwanza kulikuwa na sentensi moja nzuri kuhusu maji yanayokaa siku tatu chomboni, aliyoinakili bila kuandika ameitoa wapi. Alikuwa bado hajazoea. Alipofika kuiandikia chanzo, akaangalia orodha yake, akaona Maji ya Kisima na Afya ya Kaya, imeandikwa kwa mkono wake, imekamilika mpaka mji. Akajiambia, bila shaka ni humu. Akaweka.

Mtahini wa nje alikuwa mtaalamu wa maji. Alikitafuta kitabu akakikosa, akauliza. Binti akasema kipo. Akaandikiwa barua: alete kitabu hicho mbele ya kamati siku ya Ijumaa, au ajibu shtaka la kubuni chanzo.

Jumatatu asubuhi Mama Dekio alikuja kaunta. Aliegemeza dekio ukutani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba, nisaidie. Mwanangu anatafuta kitabu hiki. Anasema alikipata humu humu."

"Anakihitaji lini?"

"Kabla ya Ijumaa. Wamesema asipokileta wanamfukuza."

Nilitafuta kwenye katalogi, kwa jina, kwa mwandishi, kwa somo. Hakuna. Nikashuka stoo ya vitabu vilivyoondolewa, nikapumua vumbi mpaka macho yakawa mekundu. Nikapiga simu maktaba mbili za jirani. Mchana nikampelekea Mama Nukta ile karatasi, maana kitabu kikimshinda yeye basi kimeshindikana. Aliisoma. Alivua miwani, akaivaa tena, akaisoma tena.

"Niachie," alisema, na akaiweka kwenye droo.

Nikaona sawa, kazi imepata mwenyewe.

Jumanne nilimkuta Mama Dekio kwenye rafu za afya, dekio limelala chini. Alikuwa na karatasi ya pili, ameandika tena jina la kitabu kwa herufi kubwa, na alikuwa akipitisha kidole mgongo wa kitabu kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza. Hakuwa msomaji wa haraka. Alilinganisha neno la kwanza, akatikisa kichwa, akahamia cha pili. Nikamwambia Mama Nukta analishughulikia. Akasema anajua, lakini macho manne si sawa na mawili. Jumatano alikuwa rafu za kilimo. Alhamisi aliomba ruhusa aingie rafu za sheria, maana labda mtu alikirudisha mahali pasipo pake. Goti likiwa limemvimba, alivuta kigoda, akakaa, akasoma rafu za chini.

Siku zote hizo nne Mama Nukta alipita nyuma yake mara sita, mara saba kwa siku, kwenda chooni, kwenda kuchukua chai. Mimi nilidhani ana maumivu ya tumbo.

Alhamisi alasiri aliniita. Faili la kijani lilikuwa wazi mezani, muhtasari wa mwaka ule juu ya mingine. Akaweka kidole kwenye hoja ya nane, kisha ya tisa. Hakuna alama ya vema pembeni. Zote saba za mwanzo zilikuwa nayo.

"Nilikitunga mimi," alisema. "Sikuwaambia wafute. Dakika ziliisha."

Nilikasirika, na sitaki kujipamba hapa nionekane mwenye hekima. Nilimuuliza kwa sauti iliyofanya wasomaji wainue vichwa, "Toka Jumatatu unajua? Na yule mama anatambaa chini?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Namna gani? Kusema ni kufungua mdomo!"

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Miaka thelathini na moja nawasomea watu makosa yao." Akaanza kulia, na machozi yake hayakunipoza. Alikuwa na hofu ya kuchekwa. Hapakuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo. Mtu aliyebeba dada mgonjwa miaka kumi bila kulalamika alishindwa kubeba kuchekwa kwa siku moja.

Ijumaa alikwenda kwenye kamati na faili lake lote. Alinisimulia baadaye, na nadhani hakutia chumvi wala hakupunguza. Alisimama mbele ya watu watano, akaonyesha kitini, akaonyesha muhtasari, akaonyesha hoja ya tisa. Akasema kosa ni lake, adhabu wampe yeye. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mwenye sauti ya upole, mmoja wa wale ambao ukiwasikia unajua huna bahati. Alimgeukia binti.

"Hiki kitabu ulikisoma?"

"Nilidhani nilikisoma."

"Ulikishika mkononi?"

"Hapana."

"Basi," alisema mwenyekiti, "hata kingekuwepo, tungekuwa hapa hapa. Umesimamisha hoja yako juu ya kitabu ambacho hukukisoma." Akamgeukia Mama Nukta. "Na wewe, mama, hukuandika tasnifu."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikitafuta tundu ndani yake, na sikulipata. Lilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana linaniudhi mpaka leo.

Kamati ilisema pia kwamba Mama Nukta angeleta habari hizi Jumatatu, mtahini angeweza kuombwa aichukulie kama hitilafu ya orodha, ikarekebishwa kabla ya kikao. Lakini binti alikuwa ameshaandika utetezi wake Jumatano akishikilia kwamba kitabu kipo, kwa sababu daftari lake lilisema kipo, na kushikilia huko ndiko kulikommaliza. Tasnifu ikafutwa. Akasimamishwa miaka miwili, baada ya hapo aombe upya kama mtu mwingine yeyote. Nakala iliyojalidiwa akarudishiwa mkononi. Mama Nukta hakupewa hata karipio. Kumbukumbu za kikao zilimshukuru kwa ushirikiano wake.

Alimfuata Mama Dekio siku ile ile, kwenye kijichumba cha ndoo na sabuni. Mimi nilisimama nje. Nilimsikia akieleza kila kitu kwa mpangilio, toka mwanzo, mfano, dakika, bwana wa zimamoto. Alieleza vizuri mno.

"Kwa hiyo kitabu nilichokitafuta siku nne," alisema Mama Dekio, "ulikitunga wewe."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Maji yakamwagwa kwenye sinki. Mama Dekio akatoka na ndoo, akanipita bila kunitazama, akaenda kudeki ngazi, maana ilikuwa zamu ya ngazi.

Binti alipata kazi ya kufunga sabuni kiwandani. Dada yake Mama Nukta alifariki mwezi uliofuata, tukamzika, na Mama Dekio hakuja msibani, wala hakuna aliyeuliza. Pale maktaba waliendelea kusalimiana. Shikamoo, marahaba, basi. Mimi nilikuwa nakaa katikati yao na feni.

Mwaka mpya wa masomo ulipofika, maktaba ilipewa dakika kumi na tano. Mama Nukta, aliyekuwa amebakiza wiki chache astaafu, aliandika muhtasari wake wa mwisho na akanitaka niwepo ukumbini, kaunta ifungwe. Kitini kilikuwa kipya, mifano mitatu tu. Hoja ya kwanza haikuwa tena anzeni leo. Alisimama mbele ya vijana mia mbili akasema, "Miaka mingi nilikuwa nawapa wenzenu mfano wa kitabu nilichokitunga. Mwaka mmoja sikusema kwamba nimekitunga. Mwanafunzi mmoja akaharibikiwa." Akawaonyesha la kufanya: kila mstari wa orodha uwe na alama pembeni, nimekisoma au sijakisoma, tarehe niliyokishika, namba ya rafu nilipokitoa. Mstari usio na alama usitumike, hata uwe mzuri namna gani. Na daftarini, sentensi isiyo na chanzo itafutiwe chanzo kwa kurudi kwenye vitabu, si kwa kubahatisha kwenye orodha. Hakuna aliyecheka. Walinakili wakiwa wameinamisha vichwa.

Mama Dekio alikuwa nyuma, kando ya mlango, dekio mkononi. Ukumbi ule ulikuwa zamu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Vijana walipotoka alikuja mbele, polepole kwa ajili ya goti, akachukua kitini kimoja mezani, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Umewaambia kila wanachokichukua waandike wamekitoa kwa nani," alisema.

"Ndiyo."

"Haya uliyowafundisha leo umeyatoa kwa mwanangu." Akamrudishia kile kitini. "Umemwandika wapi?"

Katika miaka yote niliyomjua, mtu wa kukuta kosa kwenye orodha yake alikuwa hajazaliwa. Mama Nukta alivuta kiti akakaa. Aliuliza, kwa sauti ndogo, jina kamili la binti, na mama yake akalitaja, jina la ukoo kwanza. Akauliza jina la tasnifu. Mama Dekio alilijua lote kwa moyo, maneno kumi na mawili. Akauliza nakala inapatikana wapi, kwa sababu mstari wa marejeo lazima umwambie msomaji atakipata wapi kitu chenyewe. Mama Dekio akamjibu. Yote akayaandika kwa penseli chini ya muhtasari, na mara ile hakurudi nyuma kukagua.

Alistaafu. Warsha wamenipa mimi, dakika kumi, na natumia karatasi yake ile ile. Binti hajarudi chuoni, na miaka miwili imepita zamani. Kila mwaka nafika mwisho wa karatasi na kuwasomea vijana mstari ule wa chini: jina, mwaka, tasnifu iliyofutwa. Kila mwaka hutokea mmoja, kwa kawaida aliye mbele na daftari la mistari, ananyoosha mkono kuuliza namba ya rafu.

Namwambia haina namba ya rafu. Ipo juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa, nyumbani kwa yule mama aliyewadekia ukumbi huu asubuhi.